Barua ya wazi: Kazi ya nyumbani iandikwe ndani ya kifungu cha 114

Kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Tume ya Kurekebisha Sheria, na wajumbe wa kamati ya Bunge inayoshughulikia katiba na sheria. Nakala kwa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Waheshimiwa,

Shikamooni. Mahakama ya Rufani ilipothibitisha mwaka 2019 kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vile vya umri wa msichana kuolewa, vinakwenda kinyume cha Katiba, iliwapa kazi ya kuifungua tena sheria hii ya mwaka 1971. Naandika kuomba kwamba mkiwa mmeishika mkononi, msiifunge kabla ya kufika kifungu cha 114. Hicho ndicho kinachogawa mali baada ya talaka, na ndicho kinachowatoa mahakamani mikono mitupu, au karibu mitupu, watu waliokaa nyumbani kulea watoto.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Siyo wakili. Kazi yangu ni kuwaeleza watu njia, kuwasaidia kupanga nyaraka na kuwasindikiza hadi Mahakama ya Mwanzo. Wengi wanaokuja kwangu ni akina mama, ingawa wapo na wanaume waliobaki nyumbani baada ya kuumia kazini huku mke akiendelea na ajira. Nitakayoyasema yanawahusu wote. Na ninasema juu ya Tanzania Bara tu, kwa kuwa Sheria ya Ndoa haitumiki Zanzibar.

Mtaniambia kwamba jambo hili lilikwisha mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Ni kweli, na kila mwanasheria nchini analijua. Ndoa ya mwaka 1971 ilivunjwa mwaka 1980, mke akadai fungu katika nyumba, na mahakama za chini zikamwambia hana chake kwa sababu alikuwa mke tu na nyumba ilinunuliwa kwa fedha za mume. Kabla ya hapo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika. Wapo waliosema kupika na kulea ni mchango, na wapo waliosema ni wajibu wa mke ambao hauzai haki yoyote katika mali. Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiwa mmoja wa waliosikiliza, ilimaliza ubishi huo: maneno "juhudi za pamoja" na "kazi" yaliyomo katika kifungu cha 114 yanahusu pia kazi za nyumbani, kwa sababu ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za kiuchumi za mtu mwenye familia.

Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufani hiyo. Ilionekana kuwa alipewa na mume fedha za mradi wa familia akazitapanya, na Mahakama ikaona fungu lake limekwishia humo. Msingi wa haki ukashinda, aliyeuleta akarudi bila kitu. Siwalaumu majaji kwa hilo, maana walifuata ushahidi uliokuwa mbele yao. Ila tangu siku hiyo mambo yamebaki vilevile kwa wengi: mahakama inakiri kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, kisha inapofika kwenye kiasi, mkono unakuwa mzito.

Sababu ya uzito huo imo ndani ya maandishi ya sheria yenyewe. Kifungu cha 114(1) kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali "zilizochumwa kwa juhudi za pamoja". Kifungu kidogo cha (2) kinaitaka itazame mila za jamii ya wanandoa, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto. Baada ya hayo yote ndipo panapokuja maneno ya mwisho, kwamba mahakama ielemee upande wa kugawa sawa kwa sawa. Usawa umewekwa mkiani, tena kwa sharti la kutii vile vinne vilivyotangulia. Na kati ya hivyo vinne, kilichomeza vingine ni kiasi cha mchango. Mahakama ya Rufani imerudia hilo mara kadhaa katika miaka ya karibuni, kwa mfano katika shauri la Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassan Malongo, kwamba kiasi cha mchango ni suala la ushahidi na kila upande uulete wake.

Mnaona kinachotokea. Mwenye mshahara ana hati za mshahara, risiti za saruji, taarifa za benki na mkataba wa kununulia kiwanja wenye jina lake peke yake. Aliyekuwa nyumbani hana karatasi. Hakuna risiti ya kuamka usiku na mtoto mwenye homa. Isitoshe, kifungu cha 60 kinasema mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja inachukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo mama wa nyumbani anaanza safari akiwa nyuma hatua mbili: jina si lake, na mzigo wa kuthibitisha uko kichwani mwake.

Ngoja niweke mfano. Nimeutunga, nisije nikamwanika mtu, lakini hauna kitu nisichokiona mara kwa mara.

Wameoana mwaka 2005 Morogoro. Mume ni dereva wa malori ya masafa, Dar es Salaam hadi Lubumbashi kupitia Tunduma. Mke alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, akilipwa sh. 200,000 kwa mwezi. Mimba ya pili ilipokuja mwaka 2008 wakakubaliana aache kazi, kwa sababu baba hayupo nyumbani wiki tatu kati ya nne. Watoto wakawa wanne. Mwaka 2009 kikanunuliwa kiwanja, hati ya mauziano ikaandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa kwa jina la mume. Nyumba ikajengwa polepole kuanzia 2010 hadi 2016. Baadaye kikanunuliwa kiwanja cha pili na bajaji mbili za biashara. Mwaka 2022 ndoa ikavunjika. Nyumba imethaminiwa sh. milioni 60, kiwanja milioni 12, bajaji zote mbili kwa hali zilizofikia milioni 8. Jumla milioni 80. Lipo deni la SACCOS la milioni 8 lililokopwa kuezekea nyumba. Kinachobaki cha kugawa ni milioni 72.

Mke amepita Baraza la Usuluhishi la Kata, akapata hati inayosema usuluhishi umeshindikana, akafungua shauri. (Nasema haya kwa makusudi, kwa sababu bila hati hiyo inayodaiwa na kifungu cha 101 shauri zima linaweza kufutwa kwenye rufani, pamoja na mgawanyo wake. Nimeona watu wakirudishwa mwanzo kabisa kwa kosa la karatasi moja ambalo si wao waliolifanya.) Siku ya ushahidi hakimu anamuuliza: ulichangia nini katika nyumba hii? Anajibu: mimi sikuwa na kazi, nilikuwa mama wa nyumbani tu.

Jibu hilo linamgharimu nyumba. Halina uongo, ila limeacha nje karibu kila kitu. Swali lingeulizwa kwa namna nyingine, angesema kwamba mume akiwa Kasumbalesa kwenye foleni ya mpakani, yeye ndiye aliyepokea lori la mchanga na kuhesabu matofali. Yeye ndiye aliyewapikia mafundi, akachota maji ya kumwagilia zege asubuhi na jioni, akalala macho saruji isiibiwe, akagombana na fundi aliyetaka kupunguza nondo. Pesa ilitumwa kwa simu kwenye namba yake, naye akaigawa: hii ya fundi, hii ya mbao, hii ya ada. Kila jioni bajaji zilipakiwa uani kwake na hesabu za madereva akapokea yeye. Na juu ya hayo yote, watoto wanne walilelewa, jambo ambalo lilimwezesha baba kukubali kila safari aliyopewa bila kuuliza nani atabaki nao.

Mume naye si lazima awe mwovu. Mara nyingi anaamini anachosema. Anasema: mimi ndiye niliyelala barabarani, yeye alikuwa anakula na kulala, hata dada wa kazi angefanya aliyoyafanya. Hoja hiyo ya dada wa kazi inasikika sana, na nahofia inaingia kimyakimya hata kwenye hukumu. Hebu tuipigie hesabu. Tuseme dada wa kazi analipwa sh. 80,000 kwa mwezi. Kwa miaka 14, kuanzia 2008 hadi 2022, ni sh. 13,440,000. Sasa hakimu anampa mke wetu asilimia 20 ya milioni 72, bila kueleza ameipataje. Hiyo ni sh. 14,400,000. Yaani asilimia inayoonekana kama huruma ya mahakama, ukiipima, ni ujira wa dada wa kazi uliolimbikizwa ukalipwa siku ya kufukuzwa.

Hesabu ya dada wa kazi ni mbovu kwa sababu inapima kitu ambacho siyo kilichotokea. Dada wa kazi hakuacha ajira yake ili mwajiri apate safari, wala hawekezi miaka yake katika nyumba akitegemea kuzeekea humo. Ukitaka kujua huyu mama alitoa nini, anzia kwenye alichokiacha. Sh. 200,000 kwa mwezi kwa miaka hiyo 14 ni sh. 33,600,000, hata kama mshahara usingepanda hata mara moja, na hapo sijaweka michango ya hifadhi ya jamii ambayo ingempa pensheni. Mume ana mafao yake yanamngoja. Yeye ana umri wa miaka arobaini na kitu, cheti cha ukarani cha zamani, na pengo la miaka kumi na minne ambalo hakuna mwajiri atakayelipenda.

Simaanishi kwamba mahakama zianze kukokotoa mishahara ambayo haikulipwa. Hilo lingefungua mlango wa ubishi mpya, na mama ambaye hakuwahi kuajiriwa angeumia zaidi. Nimeonyesha hesabu hizo mbili ili muone kwamba asilimia 20 ina maana yake hata isipoelezwa, na maana hiyo ni kwamba mke ni mtumishi. Mwenza wa miaka 17 katika uchumi wa nyumba moja angeanza kuhesabiwa kutoka nusu, yaani milioni 36, kisha mahakama iangalie kama kuna sababu ya kupanda au kushuka.

Na nusu hiyo inalipika. Kifungu cha 114 tayari kinaruhusu mahakama kuamuru mali iuzwe na fedha zigawanywe. Nyumba ikiuzwa milioni 60, mke akachukua 36, mume anabaki na milioni 24 taslimu, kiwanja cha milioni 12, na bajaji za milioni 8 anazobeba pamoja na deni la milioni 8. Wote wana 36. Kama watoto wawili wa mwisho bado wanasoma na wanakaa na mama, mahakama inaweza kuahirisha mauzo mpaka mdogo amalize shule, kwa sababu mahitaji ya watoto nayo yamo kwenye kifungu. Kwa milioni 36 mama huyu anapata kiwanja nje kidogo ya mji na vyumba viwili vya kuanzia. Kwa milioni 14.4 anapata kiwanja na msingi, kisha anapanga chumba na watoto huku msingi ukiota majani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kukigeuza kifungu cha 114(2) kichwa chini miguu juu. Usawa utoke mkiani uje mwanzo. Mahakama ianze na dhana kwamba mali zilizochumwa wakati wa ndoa zimechumwa kwa juhudi sawa, na yeyote anayetaka zaidi ya nusu, awe mume au mke, ndiye alete ushahidi wa kuiondoa dhana hiyo. Mnaona sijaomba nusu kwa nusu ya lazima. Mke aliyetapanya mtaji wa familia atathibitishiwa utapanyaji wake. Mume aliyekwenda kuishi kwa mwingine miaka kumi bila kutuma hata shilingi naye atathibitishiwa. Tofauti ni moja: kukaa kimya au kukosa risiti hakutakuwa tena ushahidi dhidi ya aliyekaa nyumbani.

Ombi la pili ni kulifafanua neno "kazi" ndani ya sheria yenyewe, badala ya kuliacha likae kwenye hukumu ya mwaka 1983 ambayo hakimu anaweza kuitaja kwenye aya moja na kuisahau kwenye aya inayofuata. Jirani zetu Kenya walifanya hivyo mwaka 2013. Sheria yao ya Mali ya Ndoa inataja kwamba mchango unaweza kuwa wa fedha au usio wa fedha, na inaorodhesha kazi za nyumbani na usimamizi wa nyumba, malezi ya watoto, kuwa mwenza, usimamizi wa biashara au mali ya familia, na kazi za shambani. Hata hivyo msiinakili yote. Kifungu chao cha 7 kinagawa mali kulingana na mchango, na Mahakama yao ya Juu mwaka 2023 ikaeleza kwamba nusu kwa nusu haiji yenyewe, kila mtu athibitishe alichochangia. Orodha wanayo nzuri, ila mzigo wa kuthibitisha ulibaki pale ulipokuwa. Sisi tuna nafasi ya kupata vyote viwili.

Wala hili si geni kwetu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 161, inasema pale ardhi inapoandikwa jina la mwanandoa mmoja lakini mwingine akachangia kwa nguvu zake katika uzalishaji, utunzaji au uendelezaji wake, huyo wa pili anahesabika kuwa amepata haki katika ardhi hiyo kwa sababu ya nguvu hizo. Bunge letu lenyewe lilishakubali kwamba jasho la mtu asiye na jina kwenye hati linazaa haki. Mke aliyepalilia shamba analindwa na maneno hayo waziwazi, na mwenzake aliyelea watoto mjini ili shamba linunuliwe anaachiwa hekima ya hakimu.

Kuhusu mila, nitasema kwa kifupi. Aya ya (a) inayoitaka mahakama itazame mila za jamii ya wanandoa iondolewe, au angalau isomwe chini ya ibara ya 13 ya Katiba. Sijawahi kukutana na mila iliyoletwa mahakamani kumwongezea mke fungu. Nikiwa hapo hapo: kitoka nyumba anachopewa mke Mwislamu akiachwa si mgawanyo wa mali, na kukipokea kusihesabiwe kuwa ameshalipwa. Vivyo hivyo matunzo ya watoto. Hizo ni haki tatu, na nimeona zikichanganywa kwenye sufuria moja ili ionekane mama amepewa vingi.

Yapo maswali magumu ambayo lazima myajibu kwenye maandishi, maana mkiyaacha yatajibiwa vibaya na wengine. La kwanza ni ndoa fupi. Watu wanaogopa kwamba dhana ya nusu itamfanya mtu aolewe Januari na kuondoka Desemba na nusu ya nyumba. Hofu hiyo ina jibu rahisi: dhana ihusu mali zilizochumwa ndani ya ndoa tu. Nyumba iliyojengwa kabla ya ndoa haimo, isipokuwa kwa kiasi ilichoendelezwa baadaye, na kifungu cha 114(3) kinalisema hilo tayari. Urithi na zawadi binafsi zibaki nje vilevile. Mkitaka tahadhari zaidi, wekeni kwamba kwa ndoa ya chini ya miaka mitano isiyo na watoto dhana hiyo haitumiki, mahakama ipime mchango kama ilivyo sasa.

La pili ni ndoa za mitala, na hapa sheria yetu imekaa kimya mahali pasipostahili ukimya. Kifungu cha 57 kinasema wake wote wana hadhi sawa, lakini hakisemi nyumba iliyojengwa na mume na mke mkubwa kwa miaka kumi inakuwaje mke wa pili anapoachwa baada ya miaka mitatu, au kinyume chake. Ukianza na nusu bila kujibu hilo utamdhulumu mmoja wao. Kenya wamejibu: mali iliyochumwa kabla ya mke wa pili kuingia ni ya mume na mke wa kwanza peke yao, sawa kwa sawa, na iliyochumwa baada ya hapo ni ya mume na wake zake kwa kuzingatia mchango wao. Naona ni jibu la haki na linaeleweka hata kwenye baraza la kijiji. Lichukueni.

La tatu sina jibu lake kamili, nalo ni mali iliyofichwa. Mume anapohisi talaka inakuja, kiwanja cha pili kinageuka kuwa cha mdogo wake na bajaji zinakuwa za rafiki. Kifungu cha 59 kinakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenza, na kinampa mwenza haki ya kuweka zuio. Lakini zuio huwekwa kwa msajili wa hati, na nyumba nyingi ninazoshughulika nazo hazina hati. Zina karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Huko zuio linawekwa wapi? Angalau wenyeviti na watendaji wapewe maelekezo ya maandishi: wasigonge mhuri kwenye mauziano yoyote ya mtu mwenye ndoa bila sahihi ya mwenza aliyefika mwenyewe. Wapo wanaofanya hivyo kwa busara zao. Wengine hugonga mhuri kwanza na kuuliza baadaye.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, nimekuwekea nakala kwa sababu kuna sehemu isiyohitaji kulisubiri Bunge. Mahakimu wa Mwanzo wanabeba sehemu kubwa ya mashauri haya, kwa kuwa kifungu cha 76 kinawapa mamlaka sawa na mahakama za juu yao, bila kujali thamani ya mali. Mwongozo mfupi wa kuwaelekeza waandike nini kwenye hukumu ungebadilisha mengi. Waorodheshe kila mali, ilipatikana mwaka gani, ina thamani gani na deni gani. Waandike nani alikuwa akifanya nini katika miaka hiyo. Kisha waseme asilimia waliyotoa imetokana na nini. Hukumu inayosema "mdai apewe asilimia 20 kwa mchango wake wa kazi za nyumbani" bila sentensi nyingine haiwezi hata kukatiwa rufani vizuri, kwa sababu hakuna hoja ya kupinga. Na siku za kukata rufani ni 45 tu.

Mwongozo huo huo ubadilishe swali. Hakimu asiulize "ulichangia nini?" na kunyamaza. Aulize nani alibaki na watoto mwenzako alipokuwa safarini, nani alikwenda shule na hospitali, fedha za ujenzi zilipita mkononi mwa nani, nani aliwasimamia mafundi, uliacha kazi lini na mlikubaliana nini. Na amuulize upande wa pili maswali yale yale, kwa sababu wapo baba wanaolea, na wapo akina mama wanaodai kulea watoto waliolelewa na bibi kijijini. Kwenye Mahakama ya Mwanzo, ambako wengi huja bila wakili, hakuna mwingine wa kuyauliza.

Jambo la mwisho ni la watakaoandaa muswada, nalo huachwa mpaka dakika za mwisho. Wekeni kifungu cha mpito. Semeni wazi kwamba masharti mapya yatahusu mashauri yote ambayo mgawanyo wa mali haujaamuliwa siku sheria inapoanza kutumika, yakiwemo ya watu waliokwisha kupewa talaka lakini hawajagawana. Kifungu cha 114 kinaruhusu mgawanyo kuamriwa hata baada ya talaka, hivyo watu hao ni wengi. Bila sentensi hiyo watapimwa kwa sheria ya zamani, na mashauri mengine yatakwenda hadi Mahakama ya Rufani kubishania tarehe tu.

Wenu katika kazi,

Msaidizi wa kisheria,
Morogoro